Mtoto alijuaje kifumbu ni kipi?

Ijumaa moja nilikuwa jikoni kwa mama, Wete, tunapika wali wa nazi. Mama haamini tui la blenda, kwa hiyo nazi imekunwa kwa mbuzi na inasubiri kukamuliwa. Mtoto wa dada yangu, wa miaka miwili na miezi mitatu, amekaa mkekani na mbele yake kuna vitu vitatu: kikombe cha plastiki, kijiko, na kifumbu, kile kifuko kilichosukwa cha kukamulia tui. Binti huyu analelewa mjini Unguja, na kwao tui hutoka kwenye blenda likapita kwenye chujio. Kifumbu hajawahi kukiona, wala jina lake hajawahi kulisikia.

Mama, mikono yote nazi tupu, akamgeukia: "Hebu nletee kifumbu hicho, mama."

Mtoto akakitazama kikombe, akakitazama kijiko, kisha akakinyanyua kifumbu na kumpelekea bibi yake.

"Kumbe anakijua!" mama akafurahi.

Nikamwambia hakijui. Akanikata jicho. "Kama hakijui kajuaje?"

Mabishano yetu ya siku ile yalikuwa juu ya jambo ambalo wataalamu wa lugha ya watoto wamelichimba kwa miaka zaidi ya arubaini. Mtoto hakulijua neno. Alichojua ni majina ya vile viwili vingine. Kikombe kinaitwa kikombe, kijiko kinaitwa kijiko, na bibi hakutaja kimojawapo. Basi neno geni lina haki na kitu ambacho bado hakina jina. Njia hiyo ya kuondoa vinavyojulikana mpaka kibaki kisichojulikana imejengwa juu ya dhana moja aliyonayo mtoto kichwani, kwamba kila kitu kina jina lake moja tu. Hapa nitaiita dhana ya jina moja. Ellen Markman na Gwyn Wachtel waliieleza mwaka 1988 kwa majaribio ya watoto wa miaka mitatu hivi: ukiwawekea kitu wanachokijua pembeni ya kitu cha ajabu, kisha ukawataka wakupe kile chenye jina ambalo hawajalisikia, wengi wao hukupa cha ajabu.

Dhana hii haizaliwi na mtoto ikiwa imekamilika. Mwaka 2003 Justin Halberda alichapisha utafiti ambamo aliwaonesha watoto wachanga picha mbili, moja ya kitu wanachokijua na moja ya kitu kigeni, akawatajia neno geni na kufuatilia macho yao yanakwenda wapi. Wa miezi 17 waliangalia kitu kigeni. Wa miezi 14 bado walikuwa wakiangalia kile wanachokijua. Ndani ya miezi mitatu tu mtoto anakuwa amepata hila hii, na ukubwani utaiona jikoni mwa kila mtu.

Sisi wenye Kiswahili tuna msaada mwingine pale pale, na huwa hatuuoni kwa sababu tunautumia kila siku. Mama angesema "nletee ule upawa", mtoto angesikia *ule* kabla ya jina lenyewe, na *ule* tayari unakiondoa kijiko, kwa sababu kijiko ni *kile*, na unaiondoa sahani, kwa sababu sahani ni *ile*. Upatanisho unamfanyia nusu ya kazi ya kuchuja. Siku ya kifumbu haukumfaa kitu, maana kikombe, kijiko na kifumbu vyote ni *hiki* na *kile*. Alibaki na dhana ya jina moja peke yake, na ikamfikisha.

Hapo ndipo mama alipokuwa na haki ya kushangaa. Mtoto amesikia neno mara moja na amefanya kilichotakiwa. Susan Carey na Elsa Bartlett, katika utafiti wao wa mwaka 1978, walikutana na jambo hilo hilo. Waliwafuata watoto wa miaka mitatu na minne katika chekechea, na bila ya kutangaza kuwa kuna somo, mwalimu alimwomba mtoto amletee sinia ya rangi ya "kromiamu", akisisitiza kwamba si ile nyingine, ambayo rangi yake mtoto aliijua. Sinia iliyobaki ilikuwa ya kijani cha zeituni, rangi ambayo watoto wale hawakuwa na jina lake. Watoto wakaileta. Carey akaiita hatua hii kwa jina ambalo kwa Kiswahili naona linakaa vizuri zaidi tukisema *kudaka neno*: neno linapita mara moja, mtoto analidaka, analiunganisha na kitu, basi.

Lakini kudaka si kuweka. Siku zilizofuata baadhi ya watoto wa Carey walikuwa na kipande tu cha neno. Walijua kwamba kromiamu ni jambo la rangi, wala hawakudhani ni jina la sinia, lakini rangi yenyewe ni ipi hawakuwa na hakika. Kipande hicho ni mtaji, na mtoto atakijazia baadaye kila atakapolikuta neno tena. Kukihesabu kama neno zima ni haraka.

Kwa hiyo baada ya kula nikafanya la kumthibitishia mama. Nikamwekea binti vitu vitatu ambavyo vyote kwao Unguja havipo: kifumbu, upawa, na kawa la kufunikia chakula. Nikamwambia, "Nipe kifumbu." Akafikiri kidogo, akanipa upawa.

"Lakini si ndiye aliyenipa asubuhi!" mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyevunjiwa ahadi.

Ujanja wa swali la pili uko katika vile vitu vitatu. Ningemwekea tena kikombe, kijiko na kifumbu, angenipa kifumbu kwa kuondoa tu, na mimi ningedhani anakumbuka. Ukitaka kujua kama neno limekaa, lazima umzibie njia ya kuondoa, yaani kila kilicho mbele yake kiwe kigeni sawa sawa. Jessica Horst na Larissa Samuelson walilifanya hilo kwa makini na kulichapisha mwaka 2008. Watoto wao walikuwa wa miezi 24, umri wa karibu sana na wa binti yetu. Katika kuchagua walifanya vizuri mno, neno geni wakalipa kitu kigeni. Baada ya dakika tano tu, walipowekewa vile vigeni pamoja na kuulizwa jina lile lile, hawakuweza kuonesha kuwa wanalikumbuka. Kilichosaidia kilikuwa kitu kidogo: mara baada ya mtoto kuchagua, mtafiti akakinyanyua kile kitu, akamwonesha na kukitaja waziwazi. Waliofanyiwa hivyo walikumbuka zaidi.

Ukilitazama hili kwa jicho la jikoni linaeleweka. Mtoto anapotumia dhana ya jina moja, macho yake na akili yake viko kwenye kikombe na kijiko, anavichunguza na kuvitoa. Kifumbu kinachaguliwa kwa sababu kimebaki, na kitu kilichobaki hakitazamwi sana. Mama alipopewa kifumbu alisema "ahsante" akaendelea na nazi yake. Angesema "ahsante, umeniletea kifumbu, kifumbu hiki hapa", na mtoto akakishika na kukiona tui likichuruzika, mambo pengine yangekuwa mengine.

Dhana yenyewe ina faida na ina hasara, na nazi ni mahali pazuri pa kuyaona yote mawili. Mtoto anayejua nazi, akisikia mtu anasema "kifuu" huku akiishika nazi iliyovunjwa, ana tatizo: kitu kile tayari kina jina. Akishika dhana yake kwa nguvu, hatakubali kwamba kifuu ni jina la pili la nazi, atatafuta kitu kingine cha kulipa jina hilo. Na kwa kuwa mbele yake hakuna kingine, atatazama ndani ya kitu chenyewe, kwenye sehemu yake. Gamba lile gumu. Makumbi hivyo hivyo, na machicha. Markman na Wachtel walilionesha hili pia katika majaribio yao: kitu kikiwa kina jina linalojulikana, watoto hulielekeza neno jipya kwenye sehemu yake, na kikiwa kigeni kabisa hulichukua neno kuwa ni la kitu kizima. Dhana moja inamfundisha mtoto majina ya vitu na majina ya viungo vya vitu.

Hasara inakuja kwenye samaki. Mtoto aliyezoea kuambiwa "samaki" akifika sokoni Wete akasikia "changu" na "kolekole", mara nyingi atakwambia, "Huyu si samaki, huyu changu." Kwa hesabu yake hajakosea. Jina moja kwa kitu kimoja, na mtu mzima kashasema ni changu. Jina kubwa linalobeba majina madogo ndani yake humchelewesha, mpaka apate maneno ya kumwonesha njia, kama "changu ni aina ya samaki." Wenye mnazi tumemzidishia kazi, maana tunda lile lile linaanza kidaka, likawa kitale, likawa dafu, likawa koroma, ndipo likawa nazi. (Mbuzi wa kukunia na mbuzi wa kuchinja ni mashaka ya upande wa pili, jina moja vitu viwili, na dhana ya jina moja haina la kusema juu yake. Binti yetu siku ile alipoambiwa akae mbali na mbuzi alikwenda kuchungulia uani.)

Sasa ngoja nije kwa kijana wa jirani, ambaye ndiye aliyenifanya niandike haya.

Ana miaka miwili na nusu. Mama yake ni mzaliwa wa hapa hapa Wete na anazungumza naye Kipemba chake. Baba yake amekulia Maskati, anazungumza naye Kiarabu, na hachanganyi. Familia za namna hii Pemba na Unguja si chache. Miezi kadhaa nyuma mama yake alimpeleka mahali fulani kupimwa maendeleo ya lugha, kwa sababu bibi wa upande mmoja alisema kijana anachelewa. Mpimaji akamwekea vitu vinne mezani, akamtajia jina la kile ambacho alidhani kijana hakijui, akangoja. Kijana akavitazama vyote, akamtazama mpimaji, hakuchukua kitu. Mama akaambiwa mtoto anachanganyikiwa, aachishwe Kiarabu kwanza mpaka Kiswahili kikomae. Alirudi nyumbani analia. Baba akawa hajui azungumze na mwanawe kwa lugha gani, maana Kiswahili chake cha kuungaunga.

Ushauri ule ulisimama juu ya kipimo kilichosomwa vibaya, na kosa liko wazi ukishajua dhana ya jina moja inatoka wapi.

Krista Byers-Heinlein na Janet Werker, mwaka 2009, walichapisha utafiti walioufanya Vankuva, Kanada, kwa watoto 48 wa miezi 17 na 18. Waliwagawa makundi matatu ya watoto 16: wanaosikia lugha moja nyumbani, wanaosikia mbili, na wanaosikia tatu. Wote walioneshwa kitu wanachokijua, kama mpira au kiatu, pamoja na kitu kigeni, wakasikia neno geni kwa Kiingereza, na mashine ikafuatilia macho yao. Wa lugha moja waligeukia kitu kigeni waziwazi. Wa lugha mbili waligeukia kwa udhaifu. Wa lugha tatu hawakugeuka kabisa. Umri ni ule ule na jaribio ni lile lile, ila ngazi inashuka kwa kadiri lugha zinavyoongezeka nyumbani.

Mtu anaweza kuichukua ngazi hii na kusema: ndiyo, lugha nyingi zinawaharibu. Lakini hebu kaa mahali pa mtoto. Anayelelewa kwa Kiswahili peke yake, kila siku inamthibitishia kwamba mlango ni mlango. Kijana wa jirani kila siku inamthibitishia kinyume. Mama anasema mlango, baba anasema *bab*. Mama kiti, baba *kursi*. Mama gari, baba *sayara*. Mama mpira, baba *kura*. Kwake yeye, kusikia neno geni huku mbele yake kuna mpira hakumaanishi kwamba mpira umeondoka katika hesabu. Huenda neno lile ni jina la pili la mpira, la upande wa lugha ambao bado hajaujaza. Kukitazama kila kitu mezani bila ya kuharakisha kuchukua, kwa mtoto mwenye maisha hayo, ni uamuzi wa busara kuliko kubahatisha.

Wale wale wawili walirudi kwenye suala hili mwaka 2013 wakiwa na watoto wanaosikia Kichina na Kiingereza, wa umri ule ule. Safari hii walihesabu ni maneno mangapi mtoto anayaelewa kwa pande zote mbili. Tuyaite maneno pacha: mlango na *bab*, kiti na *kursi*. Waliokuwa na pacha kwa zaidi ya nusu ya maneno yao hawakutumia dhana ya jina moja. Waliokuwa na pacha wachache waliitumia kama watoto wa lugha moja. Kwa hiyo si kule kusikia lugha mbili kwenyewe kunakolegeza dhana. Mtoto anailegeza kwa kiasi cha ushahidi alionao mkononi.

Nilikaa na mama wa kijana tukahesabu yake kwa karatasi. Nitatumia namba za mfano hapa, kwa sababu za kwake ni zake. Tuseme mtoto anaelewa maneno 20 ya Kiswahili na 15 ya Kiarabu, na katika hayo kuna jozi 9 za pacha. Mpimaji anayehesabu Kiswahili tu ataandika 20 na kuona upungufu. Kwa kweli kichwani mwa mtoto mna maneno 35, na vitu anavyoweza kuvitaja kwa lugha moja au nyingine ni 26, maana zile jozi 9 zinahesabiwa mara moja moja. Katika maneno 35, 18 yana pacha, yaani amevuka nusu kidogo. Mtoto wa namna hii ndiye hasa ambaye ungetarajia asikimbilie kitu kigeni.

Kuna mtego katika kuhesabu kwa Kiswahili na Kiarabu ambao wenye Kichina na Kiingereza hawaupati. Kitabu na *kitab*, samaki na *samak*, sukari na *sukar*: je, ni pacha? Kwa karatasi ndiyo. Kwa sikio la mtoto wa mwaka mmoja na nusu nadhani ni neno moja ambalo baba analikata mkia. Jozi kama hizo hazimpi ushahidi kwamba kitu kina majina mawili, na mimi ningeziandika kwenye safu ya peke yake. Ukizichanganya, utamdhania mtoto ana pacha wengi na kushangaa kwa nini bado anashikilia jina moja. Mama wa kijana alicheka tulipofika kwenye *kura*, akasema uchaguzi ukifika mtoto atadhani watu wanagombania mpira.

Je, mtoto huyu ameitupa dhana? Hapana, na hapa ndipo pananipendeza zaidi. Terry Kit-fong Au na Mariana Glusman, mwaka 1990, waliwaonesha watoto mnyama wasiyemjua, wakawafundisha jina lake moja. Kisha wakaulizwa kwa jina jingine geni. Jina la pili lilipokuja katika lugha ile ile, watoto walilipeleka kwa mnyama mwingine. Walipoelewa kuwa jina la pili ni la lugha nyingine, walikuwa tayari kulikubali kwa mnyama yule yule. Sheria kwao ni kwamba kitu kina jina moja *katika lugha moja*. Ukivuka kwenda lugha nyingine, hesabu inaanza upya.

Nililiona kwa kijana wa jirani siku moja barazani. Kahawa imeletwa. Mama yake akamwomba kikombe, akampa kikombe. Baba yake akasema *finjan*, kijana akampa kile kile bila ya kusita. Kisha mimi, ambaye kwake ni mtu wa Kiswahili, nikamwambia, "Nipe bilauri." Hakukigusa kikombe. Akazunguka na macho, akaiona bilauri ya maji nyuma ya birika, akanyoosha kidole. Mama yake akaniapia kuwa kijana hajawahi kulisikia jina la kitu kile. Kama ni kweli, basi kijana aliyeambiwa amechanganyikiwa alitumia dhana ya jina moja mbele yangu, katika lugha ya mtu anayemuuliza, na akaiweka kando kwa baba yake. Mtoto mmoja si utafiti, najua. Lakini kwa upande wa mpimaji pia alikuwa mtoto mmoja.

Hata wasio na Kiarabu wala Kiingereza nyumbani wanakutana na mpaka huu, kwenye televisheni. Binti yetu wa Unguja anajua tungule. Katuni za bara zinasema nyanya. Mara ya kwanza alibisha: "Si nyanya, tungule!" Kwa sababu kwake ni Kiswahili na Kiswahili, na jina la pili halina nafasi. Dada yangu hakumwambia amekosea. Alimwambia, "Sisi tunasema tungule, wale wa bara wanasema nyanya." Siku chache baadaye akawa anamrekebisha babu yake kwamba mtu wa kwenye katuni anakwenda shule lakini kaka anakwenda skuli. Alichopewa ni mpaka wa kuyatenga majina mawili, na akishapata mpaka hana ugomvi na jina la pili.

Ukitaka kumpima mwanao nyumbani, fanya kama tulivyofanya kwa kijana wa jirani baadaye. Chukua kitu kimoja anachokijua jina kwa hakika, mpira mathalan, na kimoja ambacho hajawahi kukiona. Sisi tulitumia kona ya bomba la maji. Tunga neno lisilokuwepo na lisilo na kiambishi cha kumpa fununu. Letu lilikuwa "gefo". Mwanzo mwambie akupe mpira, umwone anatoa mpira, vinginevyo huwezi kujua kama anavutiwa na kitu kipya kila anapokiona. Mara nyingine mwambie akupe kimoja chochote, bila ya jina. Hapo utajua anapenda kipi kwa kupenda tu. Ndipo useme, "Nipe gefo." Badilisha upande wa kulia na wa kushoto kila mara, na usikitazame kitu unachokitaka, maana watoto husoma macho yako kabla ya maneno yako. Ukiona anatoa kona ya bomba kwa "gefo" lakini si kwa "chochote", anaondoa. Na kama anasema lugha mbili, aulizwe mara moja moja na kila mzazi kwa lugha yake, siku tofauti.

Akinyamaza na kukutazama, mpe nafasi. Kisha mwoneshe: "Hii hapa, gefo." Na kabla ya kumwandikia kuwa amelijua neno, ngoja dakika tano, weka kona ya bomba pamoja na vigeni vingine viwili, uulize tena.

Kijana wa jirani tulimuuliza hivyo. Kwa mama yake aliitoa kona ya bomba karibu kila mara. Kwa baba yake alisita, akautazama mpira, akaitazama kona, kisha akauliza kwa Kiarabu swali ambalo baba alitutafsiria huku akicheka: "Yako au ya mama?"

Baba amerudi kuzungumza naye Kiarabu.